Tangi Litakauka Saa Ngapi?

Fundi anayetaka kuosha tangi la maji juu ya paa hafungui tundu la chini kisha akakaa kulitazama. Hushuka kufanya shughuli nyingine, na kabla hajashuka huwa na swali moja: arudi saa ngapi? Swali hilo dogo lina ugumu wake, kwa sababu maji hayatoki kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Tangi likijaa, maji huruka kwa nguvu. Likikaribia kuisha, huchuruzika.

Chukulia tangi lenye pande zilizonyooka na kitako cha ukubwa wa mita moja ya mraba, lenye maji ya kina cha sentimita 144. Kila sentimita ya kina ni lita 10, kwa hiyo ndani mna lita 1,440. Tundu la chini lina kipenyo cha nusu inchi. Saa 2:00 asubuhi fundi anazibua.

Kanuni ya namna maji yanavyotoka ilitolewa mwaka 1644 na Mtaliano Evangelista Torricelli. Alisema maji yanayoruka kutoka kwenye tundu yana kasi ileile ambayo tone lingekuwa nayo kama lingeanguka kutoka usawa wa maji hadi kwenye tundu. Kutokana na hilo, kasi hufuata kipeuo cha pili cha kina: kina kikibaki robo, kasi hubaki nusu. Jambo jingine ni kwamba maji hujibana yanapopita ukingoni mwa tundu, hivyo mkondo wake huwa mwembamba kuliko tundu lenyewe, takriban asilimia 60 ya eneo lake. Ukiweka vipimo vya tangi hili katika kanuni hiyo, unapata sentensi fupi: kila dakika kina hupungua kwa sentimita 0.2 mara kipeuo cha pili cha kina kilichopo. Mwanzoni kipeuo cha 144 ni 12, kwa hiyo kina hushuka sentimita 2.4 kwa dakika. Hizo ni lita 24.

Hapo ndipo mtego ulipo. Sentensi hiyo inasema maji yanashuka kwa kasi gani, lakini haisemi yako wapi baada ya saa moja. Ili kujua kasi ya baadaye lazima ujue kina cha baadaye, na kina cha baadaye ndicho unachokitafuta. Mtu mwenye haraka atagawanya tu: 144 kwa 2.4 ni dakika 60, basi tangi litakauka saa 3:00. Akipanda ngazi saa 3:00 atakuta maji ya sentimita 36, yaani lita 360. Ukweli ni kwamba tangi hili linakauka saa 4:00, muda mara mbili ya aliodhani.

Tunaujua ukweli huo kwa sababu tangi lenye pande zilizonyooka ni miongoni mwa matatizo machache yanayokubali jibu kamili: kipeuo cha kina huanza na 12 na kupungua kwa 0.1 kila dakika, basi. Baada ya dakika 60 kipeuo ni 6 na kina ni 36. Baada ya dakika 120 kipeuo ni sifuri. Jibu hilo tuliweke mfukoni kwa ajili ya kukagua kazi, kwa maana njia inayozungumziwa hapa ilibuniwa kwa matatizo yasiyo na jibu la namna hiyo.

Mwenye njia hiyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1707 na kuishi miaka mingi Petersburg, Urusi. Aliieleza katika juzuu la kwanza la kitabu chake kikubwa cha kalkulasi lililochapishwa mwaka 1768, wakati macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa. Wazo lenyewe ni hili. Kasi ya sasa ukiijua, unaujua mwelekeo wa mstari wa kina mahali ulipo. Mstari ulionyooka unaougusa mstari uliopinda mahali hapo ndio huitwa tanjenti. Fuata tanjenti kwa muda mfupi tu kana kwamba kasi haibadiliki. Kisha simama, soma kasi mpya ya mahali ulipofika, chora tanjenti nyingine, endelea. Mtu mwenye haraka alifuata tanjenti moja kwa saa nzima. Euler anamwambia asimame njiani.

Tusimame kila baada ya dakika 20. Hatua ya kwanza: sentimita 2.4 mara 20 ni 48, kwa hiyo saa 2:20 kina ni 96. Kipeuo cha 96 ni karibu 9.80, kasi mpya ni 1.96, na katika dakika 20 zinazofuata kina kinashuka sentimita 39.2. Saa 2:40 kimebaki 56.8. Ukiendelea hivyo, saa 3:00 unapata 26.7, na saa 3:20 unapata 6.0. Hatua inayofuata inatoa sentimita 9.8 kutoka kwenye sentimita 6.0, na saa 3:40 tangi lina maji ya kina cha sentimita 3.8 chini ya sifuri.

Ukijaribu kuendelea kutoka hapo, kikokotoo kitagoma, kwa kuwa namba hasi haina kipeuo cha pili cha kawaida. Kwenye lahajedwali ya simu, fomula `=A2-20*0.2*SQRT(A2)` ikinakiliwa kwenda chini itatoa safu nzuri ya namba, kisha ghafla `#NUM!`. Kukwama huko si balaa. Afadhali kosa linalopiga kelele kuliko lile lililonyamaza kwenye mistari iliyotangulia, kwa sababu saa 3:00 jibu la 26.7 lilionekana la heshima kabisa ilhali tangi halisi lilikuwa na 36.

Kosa hilo linatoka wapi? Liangalie katika hatua ya kwanza peke yake. Saa 2:20 kina halisi ni 100, njia ikasema 96. Upungufu ni sentimita 4. Sababu ni kwamba kwa dakika zote 20 hesabu ilitumia kasi ya mwanzo, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ilhali maji halisi yalikuwa yakipunguza mwendo kila sekunde. Ndiyo maana kosa halikuangukia mara juu mara chini. Mstari wa kina umepinda kama bakuli, na tanjenti ya mstari wa namna hiyo hukaa chini yake siku zote, kwa hiyo kila hatua inavuta jibu upande uleule. Kwa kitu ambacho mstari wake umepinda kama kilima, njia hiyohiyo ingezidisha.

Sasa punguza hatua. Ya dakika 10 inatua kwenye 120 wakati ukweli ni 121, kwa hiyo kosa ni sentimita 1. Ya dakika 5 inatua kwenye 132 wakati ukweli ni 132.25, na kosa ni robo sentimita. Hatua ikigawanywa kwa mbili, kosa lake linagawanyika kwa nne. Hiyo inasikika kama neema, lakini kuna malipo: hatua zikiwa nusu, unahitaji mara mbili ya hatua hizo kufika saa ileile. Robo ya kosa mara hatua maradufu ni nusu ya kosa.

Na ndivyo namba zinavyotoka. Saa 3:00, ambapo ukweli ni 36, hatua za dakika 20 zinatoa 26.7, za dakika 10 zinatoa 31.6, za dakika 5 zinatoa 33.9. Makosa ni sentimita 9.3, 4.4 na 2.1. Kila ukikata hatua nusu, kosa nalo linakatika takriban nusu. Wanahisabati huita tabia hiyo usahihi wa daraja la kwanza, na ndiyo sifa ya njia ya Euler inayostahili kukumbukwa kuliko zote. Ina uzuri wake, kwa maana unajua jibu linaelekea kwenye ukweli. Pia ni ghali: ukitaka tarakimu moja zaidi ya usahihi, yaani kosa dogo mara kumi, lazima ufanye kazi mara kumi.

Msomaji makini atakuwa ameona kitu. Hatua tatu za dakika 20, kila moja ikiwa na kosa lake la sentimita 4, zingepaswa kuleta kosa la 12, lakini tulipata 9.3. Tangi hili linasamehe. Hesabu inapoweka kina chini kuliko ukweli, inajipa pia kasi ndogo kuliko ukweli, na kwa hiyo sehemu ya kosa la zamani inafutika hatua inayofuata. Si kila tatizo lina hisani hiyo. Kwenye deni linalokua kwa riba juu ya riba, kosa dogo la mwanzo nalo linazaa riba, na hatua za mwishoni hulikuza badala ya kulipunguza. Kwa hiyo ukubwa wa kosa hautegemei hatua peke yake. Unategemea pia kama kitu unachokifuata kinavuta njia zilizopotoka kurudi kundini au kinazitawanya.

Swali gumu zaidi ni la kuchagua hatua pale ambapo hakuna jibu la kukagulia. Watu wengi huchukua namba ndogo inayowapendeza na kutumaini mema. Kuna utaratibu bora, na hauhitaji elimu kubwa: fanya hesabu mara mbili, mara ya pili kwa nusu ya hatua, kisha tazama majibu yametofautiana kiasi gani. Kwa dakika 10 tulipata 31.60, kwa dakika 5 tukapata 33.86. Tofauti ni 2.26. Kwa kuwa tunajua kosa hukatika nusu, kosa lililobaki kwenye jibu la pili lazima liwe takriban sawa na tofauti hiyohiyo. Bila kuuona ukweli, tumeshajua kwamba 33.86 ina kosa la sentimita mbili na kitu.

Tena tunajua liko upande gani, kwa hiyo tunaweza kulirudisha: 33.86 kujumlisha 2.26 ni 36.12. Ukweli ni 36. Hesabu mbili hafifu zimezaa moja iliyo bora kuliko zote mbili, kwa gharama ya kujumlisha mara moja. Hila hiyo imebaki na jina la Mwingereza Lewis Fry Richardson, mtu huyohuyo aliyejaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu za mkono huku akiendesha gari la wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Onyo moja kuhusu utaratibu huo. Unafaa pale tu hatua zinapokuwa ndogo kiasi cha kosa kukatika nusu kwelikweli. Njia ya kuhakiki ni kufanya hesabu ya tatu. Kutoka hatua ya 20 kwenda 10 jibu liliongezeka 4.9, kutoka 10 kwenda 5 liliongezeka 2.3, takriban nusu. Hali ni shwari. Kama ongezeko la pili lingekuwa sawa na la kwanza, au kubwa zaidi, hatua bado zingekuwa kubwa mno na hakuna jibu hata moja kati ya hayo matatu la kuaminiwa.

Bado kuna mwisho wa tangi, ambako hatua ya dakika 20 ilipitiliza sakafu. Kukata hatua zote ziwe fupi kunapunguza balaa hilo, lakini ni kupoteza kazi, kwa maana mwanzoni tangi likiwa na sentimita 144 dakika 5 si kitu, na mwishoni likiwa na sentimita 1 dakika 5 ni umri mzima. Busara ni kuacha hatua ijipime yenyewe. Weka sharti: hakuna hatua itakayoondoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji yaliyopo. Kwa kanuni ya tangi letu, sharti hilo linatoa hatua yenye dakika sawa na nusu ya kipeuo cha kina. Kwenye sentimita 144 ni dakika 6, kwenye sentimita 4 ni dakika 1, kwenye sentimita 1 ni nusu dakika. Kina hakiwezi tena kwenda chini ya sifuri, kwa kuwa kila hatua inaacha tisa ya kumi.

Ukijumlisha hatua zote hizo, tangi linakauka baada ya dakika 116.9, dhidi ya 120 za kweli. Ukiweka sharti la moja ya ishirini, unapata dakika 118.5. Kosa limetoka dakika 3.1 hadi 1.5: nusu tena, kama ilivyotarajiwa. Kiuhalisia hesabu hiyo haina hatua ya mwisho, maana daima kunabaki tisa ya kumi ya kitu fulani, lakini hatua 48 za sharti la kwanza zinafikisha kina chini ya sentimita 1, na hapo fundi ameshashika brashi.

Je, inafaa kukata zaidi? Namba 0.2 iliyobeba hesabu yote hii imekadiriwa. Vipimo vilivyotajwa vinatoa 0.202, na mwandishi ameikata ili kipeuo kishuke kwa namba nzuri. Ukitumia 0.202, tangi linakauka kwa dakika 118.8 badala ya 120. Ile asilimia 60 ya mkondo nayo hubadilika kulingana na ukingo wa tundu, kama ni mkali au umelika. Kwa hiyo anayekimbiza kosa la sekunde moja kwa hatua ndogondogo, huku tundu lenyewe limepimwa kwa macho, anapoteza muda wake. Hatua inatosha pale kosa lake linapozama ndani ya mashaka ya vipimo, na kwa tangi hili sharti la moja ya ishirini limeshafika huko.

Kukata kupita kiasi kuna adhabu nyingine, ya kuchekesha kidogo. Kompyuta inayotunza namba kwa usahihi wa kawaida wa biti 32 hubeba tarakimu kama saba tu. Karibu na 144, namba mbili jirani inazoweza kuzitofautisha zimeachana kwa takriban 0.000015. Sasa chagua hatua ya sekunde 0.0001, ukiamini kwamba udogo ndio usahihi. Kila hatua inapaswa kutoa sentimita 0.000004. Kompyuta inatoa, inakadiria kwenye namba iliyo karibu zaidi, na namba hiyo ni 144 ileile. Inarudia mamilioni ya mara, na kina hakisogei hata kidogo. Tundu liko wazi na tangi halipungui milele.

Kama usahihi unahitajika kweli, dawa ni kutumia tanjenti vizuri zaidi, na mmoja wa walioonyesha namna ni Mjerumani Carl Runge mwaka 1895. Kutoka saa 2:00 nenda kwanza nusu ya hatua, dakika 10, ufike 120. Soma kasi ya hapo, 2.19, kisha rudi mwanzoni na uitumie kasi hiyo kwa dakika 20 zote. Unapata 100.18, na ukweli ni 100. Kosa la sentimita 4 limekuwa chini ya robo sentimita. Ukifika saa 3:00 kwa hatua tatu za namna hiyo jibu ni 36.56. Umetafuta kipeuo mara sita, sawa na mtu wa hatua sita za dakika 10 ambaye bado yuko kwenye 31.60.

Lakini njia ya Euler haijastaafu, na sababu inaonekana maji ya bomba yakirudi wakati tundu liko wazi. Tuseme yanaingia lita 10 kwa dakika, yaani sentimita 1. Fomula ya lahajedwali inaongezewa kipande kidogo tu, kwa hatua ya dakika 20: `=A2+20*(1-0.2*SQRT(A2))`. Kina kinashuka kutoka 144 kwenda 116, kisha 92.9, 74.4, na kinazidi kupunguza mwendo mpaka kinatulia kwenye sentimita 25, ambako kipeuo ni 5 na kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Jambo la kupendeza ni kwamba hiyo 25 haina kosa lolote, hata kwa hatua kubwa kama hii, kwa sababu mahali ambapo kasi ni sifuri tanjenti imelala na haiwezi kumpoteza mtu. Kosa limebaki kwenye muda wa safari tu.

Hata hivyo ukubwa wa hatua una kikomo. Weka dakika 80 na kina kinasomeka 32, kisha 21.5, kisha 27.3, kisha 23.7, kikirukaruka juu na chini ya 25 kabla ya kutulia. Maji halisi yanayoshuka kuelekea 25 hayapiti chini yake na kurudi juu. Kuyumba huko ni kwa hatua, si kwa tangi, na kunatoweka ukikata hatua nusu. Weka dakika 120 na hatua ya kwanza kabisa inatua sentimita 24 chini ya sakafu.